Pesa ya Mwisho Ukiachishwa Kazi: Piga Hesabu Kabla ya Kusaini

Ukiachishwa kazi, malipo ya mwisho huingia kwa simu kama kiasi kimoja tu. Hebu tuyagawanye.

Tuseme mshahara wako ni KSh 26,000 kwa siku 26 za kazi, yaani 1,000 kwa siku. Mwezi huu umefanya siku 12: 12,000. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku 1.75 kila mwezi. Miezi 8 ni siku 14. Ulichukua 4, zimebaki 10: 10,000. Mkataba unasema notisi ya mwezi mmoja, nawe umeachishwa leo leo bila kosa kubwa: 26,000. Jumla ni 48,000 kabla ya makato, mbali na marupurupu unayodai.

Ikiingia kama 22,000 hivi, jua notisi imeachwa. Usisaini kwamba umelipwa zote. Lakini ukitoka mwenyewe bila notisi, hiyo 26,000 unadaiwa wewe.