Mwezi Mmoja wa Notisi Unaisha Lini?

Tuseme karani wa stoo jijini Mwanza amepata kazi nyingine. Mkataba wake unasema anayetaka kuuvunja atoe notisi ya maandishi ya mwezi mmoja wa kalenda. Ijumaa tarehe 28 Februari 2025 asubuhi anaingia ofisini, anamkabidhi meneja barua mkononi, na meneja anasaini nakala. Siku yake ya mwisho ni ipi?

Ukiuliza pale kazini utapata majibu mengi kuliko unavyotarajia. Karani mwenyewe ataona ni tarehe 31 Machi, kwa kuwa alitoa barua siku ya mwisho ya Februari, basi na atoke siku ya mwisho ya Machi. Mhasibu, aliyezoea kuhesabu mwezi kwa siku 30, atasema tarehe 30. Ofisa utumishi ataihesabu Februari 28 kuwa siku ya kwanza, kwa hiyo mwezi ukamilike tarehe 27. Jibu ni Ijumaa tarehe 28 Machi, na ajira inaisha usiku wa manane wa siku hiyo.

Kanuni yake ni nyepesi. Siku notisi inapotolewa haihesabiwi. Hesabu inaanza siku inayofuata, na mwezi unakamilika siku yenye tarehe ileile katika mwezi unaofuata. Notisi ya tarehe 10 Juni inaisha tarehe 10 Julai. Ya tarehe 15 Septemba inaisha tarehe 15 Oktoba. Haijalishi kama katikati kuna siku 28, 30 au 31. Ofisa utumishi wa Mwanza alikosea kwa kuihesabu siku ya barua, ilhali siku hiyo ilikuwa imekwishaanza barua ilipokabidhiwa. Mwajiri angempunja karani siku moja.

Tarehe ileile ikikosekana katika mwezi unaofuata, mwezi unaishia siku yake ya mwisho. Kwa hiyo notisi zilizotolewa tarehe 28, 29, 30 na 31 Januari 2025 zote ziliisha siku moja, tarehe 28 Februari. Ila njia hiyo hairudi nyuma, na hapo ndipo karani wetu aliponaswa. Kutoa notisi siku ya mwisho ya mwezi mfupi hakukupi haki ya kufika siku ya mwisho ya mwezi mrefu.

Kosa hilohilo liliwahi kumgharimu mpangaji mmoja Uingereza, katika kesi ya Dodds dhidi ya Walker. Alikuwa amepanga jengo la biashara. Tarehe 30 Septemba 1978 mwenye jengo alimpa notisi ya kumaliza upangaji, na sheria ilimpa mpangaji miezi minne ya kwenda mahakamani kuomba upangaji mpya. Maombi yaliwasilishwa tarehe 31 Januari 1979. Hoja ya upande wake ilikuwa kwamba Septemba 30 ni siku ya mwisho ya mwezi, basi miezi minne ni Oktoba, Novemba, Desemba na Januari nzima. Mwaka 1981 majaji wa Bunge la Malodi, waliokuwa ngazi ya juu kabisa ya rufaa nchini humo, walikataa. Miezi minne kutoka tarehe 30 iliisha tarehe 30. Mpangaji alichelewa kwa siku moja, na siku hiyo ilimpotezea haki yake ya kuomba.

Hukumu ya Uingereza haizifungi mahakama za Tanzania wala Kenya, lakini sheria za mikataba za nchi hizi zimetokana na mapokeo hayo ya kisheria, na mawakili huirejea. Sheria za hapa zenyewe nazo, zinapotaja mwezi bila ufafanuzi mwingine, humaanisha mwezi wa kalenda.

Pamoja na hayo, kiwango cha chini cha notisi kwa anayelipwa kwa mwezi hakitajwi kwa mwezi bali kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema siku 28, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataja siku 28 vilevile. Mkataba unaosema mwezi mmoja wa kalenda haupungui kiwango hicho kamwe, maana hata Februari fupi ina siku 28. Tatizo huja pale ofisi inapochukua siku 28 za sheria na kuzitumia badala ya mwezi wa mkataba. Kwa notisi iliyotolewa tarehe 10 Juni, siku 28 zinaisha tarehe 8 Julai, na mwajiriwa anakosa mshahara wa siku mbili alizoahidiwa kwa maandishi.

Turudi kwa karani na kubadili jambo moja tu. Barua ina tarehe ya Ijumaa 28 Februari, lakini meneja yuko safarini. Karani anaiacha juu ya meza, na meneja anaisoma Jumatatu tarehe 3 Machi. Sasa mwezi unaisha Alhamisi tarehe 3 Aprili. Tarehe iliyochapwa juu ya barua haianzishi hesabu. Inayohesabiwa ni siku barua ilipomfikia anayepaswa kuipokea.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua jambo hili katika kesi ya Sandi Haywood, mfanyakazi wa hospitali za umma za Newcastle. Mwajiri alimtumia kwa posta notisi ya wiki 12 mwezi Aprili 2011 wakati yeye yuko likizo Misri. Aliisoma aliporejea nyumbani, tarehe 27 Aprili. Wiki 12 kutoka hapo ziliishia tarehe 20 Julai, siku aliyotimiza miaka 50, na kwa umri huo pensheni yake ilikuwa kubwa zaidi. Mkataba haukusema notisi inahesabiwa kuwa imetolewa lini, na majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba ilianza aliposoma, au alipopata nafasi ya kutosha ya kusoma. Mikataba mingine husema wazi, kwa mfano kwamba barua ya posta huhesabiwa kuwa imefika siku ya pili. Kikiwapo kifungu cha namna hiyo, ndicho kinachofuatwa.

Kuna kifungu kingine cha kutafuta kabla ya kuhesabu: maneno kwamba notisi iishie mwisho wa mwezi. Yakiwapo, notisi ya tarehe 3 Machi inatimiza mwezi tarehe 3 Aprili lakini ajira inaendelea hadi tarehe 30 Aprili.

Jumapili na sikukuu hazirefushi chochote. Sikukuu ya Karume ya tarehe 7 Aprili ikiangukia ndani ya notisi inahesabiwa kama siku nyingine yoyote. Notisi ikiishia Jumamosi na ofisi hufungwa siku hiyo, siku ya mwisho ya kufika kazini ni Ijumaa, ila mshahara unafika hadi Jumamosi. Likizo ni habari nyingine: sheria ya Tanzania hairuhusu notisi itolewe mtu akiwa likizo, wala notisi na likizo viende sambamba.

Kwa karani, kukosea hesabu kuna bei. Akiondoka tarehe 28 Machi wakati notisi inaisha tarehe 3 Aprili, sheria ya Tanzania inamruhusu mwajiri kukata katika malipo yake ya mwisho mshahara wa siku alizokataa kufanya kazi. Ndiyo maana barua nzuri ya kuacha kazi hubeba tarehe mbili, ya kukabidhiwa na ya mwisho: “Notisi hii nimeikabidhi leo, Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Siku yangu ya mwisho ya ajira itakuwa Alhamisi tarehe 3 Aprili 2025.” Nakala yake isainiwe na mpokeaji, naye aandike tarehe kwa mkono wake mwenyewe.