Kulwa na Doto, saa ile ile

Mdogo wangu alijifungulia Morogoro, ujauzito ukiwa na wiki 36. Wa kwanza alizaliwa na kilo 2.3, wa pili kilo 1.9, na kabla wazazi hawajakaa kuzungumza majina, ukoo mzima ulikuwa umeshawaita Kulwa na Doto. Nilifika kumsaidia siku ya nane, wakiwa wamesharudi nyumbani. Usiku wa kwanza niliamka saa kumi nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, Kulwa yuko ziwani, Doto analia mikononi mwa bibi yake, na uji aliopewa saa mbili usiku uko palepale kwenye kikombe, umefanya utando juu.

Nilimuuliza amelala saa ngapi. Akasema hajui.

Tulipopambazukiwa tulichukua daftari tukapiga hesabu. Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku nzima, usiku na mchana. Kila awamu, ukihesabu kumwamsha vizuri, kumnyonyesha, kumcheulisha na kumbadilisha nepi, huchukua kama dakika 40. Kwa awamu 8 za watoto wawili wanaopokezana, hizo ni takriban saa kumi na dakika 40 kila siku, zimekatwa vipande vipande. Akimaliza mmoja, wa pili anaamka. Akimaliza wa pili, wa kwanza ameshakaribia kuamka. Mdogo wangu hakuwa mvivu wala hakukosa maziwa. Alikuwa amekosa ratiba.

Kanuni iliyotuokoa ni hii: mmoja akiamka kwa njaa, mwamshe na wa pili. Wengi wanaiona kama dhambi, kumwamsha mtoto aliyelala. Kwa mapacha, hasa waliozaliwa kabla ya wakati au wadogo, ni lazima. Mtoto wa chini ya kilo 2.5 hana nguvu ya kudai chakula chake. Akiachwa alale, atalala hata saa tano huku sukari mwilini na joto vikishuka. Kwa hiyo kutoka mwanzo wa awamu moja hadi mwanzo wa nyingine zisipite saa tatu, mpaka uzito wao uende vizuri na mhudumu wa kliniki aseme sasa waweza kuwaacha waamke wenyewe.

Hapo ndipo penye kosa ambalo na sisi tulilifanya. Tuliwaweka saa moja, tukadhani tayari. Doto alisifiwa na kila mgeni: huyu mtulivu, huyu hasumbui. Siku ya 14 tuliwapeleka kliniki. Kulwa alikuwa na kilo 2.35, yaani ameshapita uzito wa kuzaliwa. Doto alikuwa na kilo 1.82. Ni kawaida mtoto kupungua siku za mwanzo, lakini kufikia wiki mbili hivi hutarajiwa awe amerudi alipoanzia, na baada ya hapo aongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku. Muuguzi hakutugombeza. Alimwambia mdogo wangu, "Mama, mnyonyeshe hapa nimwone." Doto alivuta kwa nguvu dakika tano, kisha taya likasimama, macho yakafumba, chuchu ikabaki mdomoni. Nyumbani tulikuwa tukiandika kwamba amenyonya dakika 25.

Utulivu wake ulikuwa uchovu. Na nepi zingetuambia mapema kama tungezisoma. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Sisi tulikuwa tunatupa zote kwenye beseni moja, tunahesabu kumi, tunafurahi. Jioni ile tulipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari, K upande huu na D upande ule, na kila nepi iliyolowa ikapata alama yake. Siku ya kwanza ya kuhesabu hivyo, Kulwa alikuwa na saba, Doto nne.

Tulichoelekezwa kilikuwa na hatua tatu. Doto aanze kunyonya kabla ya Kulwa, akiwa bado na nguvu, amevuliwa nguo akibaki na nepi na kofia, ngozi yake ikigusa ya mama ili asisinzie. Akianza kusinzia, mama alibane ziwa taratibu kwa kiganja ili maziwa yaendelee kuingia mdomoni. Kisha, baada ya kila awamu, mama akamue kwa mkono, na Doto apewe mililita 20 hadi 30 za nyongeza kwa kikombe kidogo kilichochemshwa. Kikombe hakimiminwi. Mtoto anakalishwa nusu wima, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, naye anaramba mwenyewe kwa ulimi, anameza, anapumzika. Maziwa ya awamu ya mwisho ya kukamua ndiyo yenye mafuta mengi, na mafuta ndiyo aliyoyahitaji. Siku ya 28 alikuwa na kilo 2.2.

Ndiyo maana nasema mapacha walishwe saa ile ile lakini wasipimwe kwa kipimo kimoja. Mila zetu hupenda usawa kwa mapacha: nguo sawa, zawadi sawa, mmoja akipewa na wa pili apewe. Kwenye maziwa usawa huo humwonea mdogo.

Kunyonyesha wote wawili kwa pamoja tulikuja nako baadaye, wiki ya nne, kila mtoto akiwa ameshajua kushika ziwa vizuri. Ukianza mapema mno, mama hana mkono wa kumrekebisha anayeshika vibaya, na chuchu zinachubuka. Mkao uliotufaa ni wa kwapani. Mama anakaa kwenye godoro lililowekwa chini, mgongo ukutani, mito miwili mikubwa kila upande. Kila mtoto analala juu ya mto ubavuni mwa mama, miguu ikielekea nyuma chini ya kwapa, shingo na mabega vikiwa kwenye kiganja chake. Tulikunja khanga mbili kuziba pengo kati ya mto na mbavu ili watoto wasizame. Anayeshika kwa shida huwekwa kwanza. Wa pili anapokezwa na msaidizi. Kulwa alipovuta kwa nguvu, maziwa yalishuka pande zote mbili, na Doto akayapata bila kuyahangaikia sana. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa, na kila ziwa hufanya hesabu yake peke yake, kwa hiyo tuliwabadilisha kila siku: leo Kulwa kushoto, kesho kulia. Bila hivyo ziwa la mnyonyaji dhaifu hupungua, na mtoto anayehitaji zaidi ndiye anayebaki kwenye ziwa lenye kidogo. Awamu moja ya pamoja ilichukua dakika 45. Zile saa kumi na ushei zikawa sita.

Saa zilizookolewa haziwi usingizi zenyewe. Zikiachwa hivi hivi huliwa na nguo, wageni na vyombo. Tulipanga awamu za usiku saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri, tukaichagua ya saa sita iwe si ya mama. Asubuhi, matiti yanapokuwa yamejaa, alikamua baada ya awamu mbili, maziwa yakawekwa kwenye friji kwenye chombo safi chenye mfuniko. Huko hukaa hadi siku nne. Saa sita baba yao aliyapasha kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, akawapa wote kwa kikombe. Mama alilala tangu saa nne kasorobo mpaka saa tisa. Alipoamka matiti yalikuwa mazito, lakini akili ilikuwa imerudi. Tulingoja hadi wiki ya tano kuanza mpango huu, maana wiki za mwanzo maziwa bado yanajijenga na kuruka awamu ya usiku huyapunguza.

Wasio na friji wasijaribu kuyatunza mezani usiku kucha. Kwenye joto letu, maziwa yaliyokamuliwa yatumike ndani ya saa nne. Njia yao ni nyingine: msaidizi ndiye anayeamka, anabadilisha nepi, anamletea mama mtoto akiwa amelala ubavu, anasubiri macho, anamchukua akimaliza, anamcheulisha na kumlaza. Mama hashuki kitandani. Msaidizi ni lazima awe macho kwelikweli, kwa sababu mtoto aliyeachwa kati ya mama aliyechoka na mto anaweza kukosa hewa. Watoto walale chali, kila mmoja mahali pake chini ya chandarua, bila mito wala blanketi zito. Mchana, baba au bibi anaweza kumfunga mmoja kifuani kwa mtindo wa kangaruu, ngozi kwa ngozi. Doto alipata joto lake hivyo kwa baba yake kila alasiri, mama akiwa amelala.

Usingizi wa mama una dalili yake ya hatari nayo inapaswa kutazamwa kama nepi zinavyotazamwa. Akipewa nafasi ya kulala, watoto wametulia, naye bado halali. Au akilia kila siku baada ya wiki mbili za mwanzo. Au akisema watoto wangekuwa heri bila yeye, huo si uchovu tena. Inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua. Apelekwe hospitali, na asiachwe peke yake na watoto wala na mawazo hayo. Kwa watoto, usingoje ratiba kama mmoja amekataa awamu mbili mfululizo, ana homa au mwili wa baridi, au anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia. Huyo aende siku hiyo hiyo, hata kama mwenzake anacheka.

Kwa wageni nina ombi moja. Ndani ya zile siku 40 kila anayekuja hutaka kupakata, na mama anainuka kupika chai. Geuzeni. Mleteni mtori au supu, fueni nepi, osheni vyombo, muacheni mama anyonyeshe na alale. Watoto mtawapakata wakifika miezi mitatu, watakuwa wazito na watawachekea.

Na kwa mama aliyeajiriwa Tanzania: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84 yenye malipo. Aliyejifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja anapata siku 100. Hizo 16 za nyongeza ni haki yako. Ziandike kwenye barua ya kuomba likizo.