Je, Wajua Pini ya Tela Hukatwa Mahali Pawili?

Nyuma ya trekta kuna vipande viwili vya chuma vilivyosimama sambamba kama masikio, na kila kimoja kimetobolewa tundu. Ulimi wa tela, nao ukiwa na tundu, huingizwa katikati yao, matundu matatu yakapangwa mstari mmoja, kisha pini moja hushushwa humo. Pini hiyo ndiyo inayoliunganisha tela na trekta.

Trekta likiondoka, masikio huvuta pini kwenda mbele huku ulimi ukiivuta kurudi nyuma. Ili pini ikatike, ni lazima ikatwe mahali pawili kwa wakati mmoja: pale sikio la juu linapokutana na ulimi, na pale ulimi unapokutana na sikio la chini. Kwa hiyo kila mkato hubeba nusu ya mzigo. Kama kungekuwa na sikio moja tu, mkato ungekuwa mmoja, nao ungebeba mzigo wote.

Chukua tela ambalo, trekta linapoondoka kwa kishindo, huvuta pini kwa nguvu ya nyutoni 40,000, karibu sawa na uzito wa tani nne. Kinachohesabiwa ni kishindo hicho, kwa kuwa mwendo wa kawaida barabarani huvuta kwa nguvu ndogo kuliko hiyo. Pini ni ya chuma laini cha kawaida, kinachoanza kurefuka bila kurudi kikivutwa kwa nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba. Kwa kukatwa, chuma hicho huanza kuachia mapema zaidi, kwenye takriban 144. Fundi mwangalifu hafiki huko. Akigawanya 144 kwa 2.4 anapata 60, na hicho ndicho kiwango cha juu anachokiruhusu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nusu ya mzigo ni nyutoni 20,000. Ukigawanya kwa 60 unapata milimita za mraba 333, eneo ambalo kila mkato unahitaji. Duara lenye eneo hilo lina kipenyo cha milimita 20.6. Kwa fomula, P ikiwa mzigo wote na τ mkazo unaoruhusiwa:

d = √(2P / (π × τ))

Hakuna anayechonga pini ya 20.6, hivyo huchukuliwa ya milimita 22, na mkazo hushuka hadi 53 hivi. Kwa sikio moja, mzigo uleule ungetaka pini ya milimita 29.

Je, pini ya 22 inatosha? Kwa kukatwa, ndiyo. Lakini pini hiyo pia hupinda.

Tuseme kila sikio lina unene wa milimita 12, na ulimi milimita 20. Hata vikiwa vimebanana, masikio huishika pini kwenye ncha zake na ulimi huivuta katikati. Kwa hesabu ya tahadhari, mkazo wa kupinda katika pini ya 22 hufika karibu 210. Ukiacha nafasi ya milimita 5 kila upande wa ulimi, mkazo hupanda hadi takriban 306, juu ya 250 ambayo chuma kinaweza kustahimili. Pini haitakatika siku hiyo, ila itapinda na kubaki imepinda.

Ukitaka kupinda nako kuwe na akiba ileile ya 2.4, pini inapaswa kufika milimita 28, na ulimi ukae bila nafasi kati ya masikio. Kipenyo kinachotolewa na fomula ya mkato, basi, ni cha chini kabisa; kinachoamua mara nyingi ni kupinda.

Kosa jingine hutokea pini ikipotea na bolti ya milimita 22 ikawekwa badala yake. Nyuzi za bolti zikiangukia kwenye mkato, chuma kinachobeba kweli ni takriban milimita za mraba 303, si 380 za pini nzima. Mkazo hupanda hadi 66 na kuvuka ile 60. Inafaa bolti ambayo sehemu yake laini hupita mikato yote miwili.

Dalili huonekana kabla ya ajali. Pini iliyopinda haitoki kwa mkono, hugongwa kwa nyundo. Ikitoka, iviringishe juu ya meza iliyo sawa: iliyopinda huyumba, na mwanga hupenya chini yake. Kisha pitisha ukucha kwenye urefu wake. Ukikwama kwenye vingazi viwili vya kung'aa, kimoja kila upande wa mahali ulimi ulipokaa, pini imeanza kulika palepale inapokatwa. Pini hiyo hubadilishwa, na unene wa masikio na ulimi hupimwa upya kabla ya kuchagua nyingine.