Mwalimu, Kosa si la Mtoto

Genge la mboga huchangamka saa zile zile ambazo mtoto wa shule anatakiwa awe ameinamia daftari. Kuanzia saa kumi na moja jioni watu wanashuka kwenye daladala, kila mmoja anataka fungu la nyanya, vitunguu viwili na mboga iliyokwisha kukatwa. Hapo mikono ya mama haitoshi. Mtoto anaitwa akate matembele, apange mafungu, akimbilie chenji kwa jirani. Kesho yake asubuhi mwalimu wa hisabati anapita kati ya madawati na kukuta ukurasa mtupu.

Tumchukue mama mwenye genge Mbagala, Dar es Salaam, na binti yake wa miaka kumi na moja aliye darasa la tano. Jumanne mbili mfululizo binti hakufanya kazi ya nyumbani. Ya kwanza mwalimu alimwonya tu. Ya pili alimwuliza sababu, binti akajibu kwamba alikuwa gengeni. Jibu hilo mwalimu amelisikia mara nyingi, na mara nyingine limetoka kwa watoto ambao kwao hakuna genge wala meza. Akamwambia amlete mzazi.

Wazazi wengi wakiitwa hivyo hukimbilia ugonjwa: "Mwalimu, alikuwa na homa." Uongo huu haudumu. Wenzake darasani walitumwa nyanya jioni ile ile na aliyewahudumia ni yeye. Pengine hata mwalimu mwenyewe alinunua bamia pale wakati anarudi nyumbani. Wengine husema kweli, ila kweli yenyewe inakuwa ndefu mno: kodi ya chumba, baba aliyeondoka, bei ya gunia la vitunguu. Mwalimu atahurumia, lakini hajaambiwa analolitafuta. Anataka kujua jambo hili litajirudia lini, na mzazi atalifanyia nini. Darasa lina watoto wengi na madaftari ya kusahihisha ni rundo. Ratiba ya nyumbani kwa kila mmoja hawezi kuibuni.

Kwa hiyo mama wa Mbagala anapaswa kwenda na saa, si na machozi. Kabla ya kutoka nyumbani aipange ile Jumanne kichwani. Binti anatoka shule saa nane na nusu na kufika nyumbani saa tisa. Saa kumi mama anakwenda kwenye kikundi chake cha mkopo, maana Jumanne ndiyo siku ya marejesho, na asipofika wenzake watamlipia halafu watamsema. Genge anamwachia binti. Kikao kinaisha saa kumi na mbili, mama anakuta wateja wamejaa, na binti anaendelea kusaidia hadi wanafunga saa tatu usiku. Kula, kuoga, kulala. Maswali kumi ya sehemu, yaani robo, theluthi na ndugu zao, yanataka kama dakika arobaini za kichwa kilichotulia. Jumanne ya namna hiyo dakika hizo ni shida kuzipata.

Sasa aende shuleni wakati wa mapumziko, si mwalimu akiwa mbele ya darasa, na binti asiwepo kwanza. Kundi la Wasap la wazazi si mahali pake. Siri ya nyumba itasomwa na mtaa mzima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama, karibu ukae."

"Asante. Nimekuja kwa ajili ya daftari la hisabati. Zile Jumanne mbili mwanangu hakufanya kazi, na kosa si lake. Mimi nilikuwa kwenye marejesho, nikamwachia genge, tukafunga saa tatu."

"Nashukuru kwa kusema kweli. Ila Jumanne zipo kila wiki, mama. Itakuwaje?"

"Nimezungumza na jirani yangu wa meza ya samaki, atanitazamia genge nikiwa kikundini. Mtoto ataanza na daftari akifika tu nyumbani. Saa kumi na moja atakuja kunisaidia, saa moja anarudi ndani. Nami nitasaini chini ya kazi yake ili ujue nimeiona."

"Na hizo mbili zilizopita?"

"Azilete Jumatatu, mwalimu, ukiridhia."

Tazama alichokifanya mama huyu. Amebeba kosa mwenyewe, ametaja siku na saa, kisha akaleta mpango kabla hajaombwa. Hakuomba mtoto asamehewe kazi za Jumanne moja kwa moja. Ombi kama hilo mwalimu mwema anaweza kulikubali kwa huruma, na mwisho wake mtoto anabaki nyuma katika somo ambalo kila mada imekaa juu ya ile iliyotangulia.

Kuna wanaosema genge lenyewe ni darasa la hesabu. Kwa kutoa chenji, sawa. Lakini gengeni hakuna anayeuza saba ya tisa ya kitunguu, na mtihani hauishii kwenye bei ya fungu.

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kumwajiri au kumshughulisha mtoto kazini. Hata baada ya umri huo, kazi inayoruhusiwa ni ile nyepesi, isiyodhuru afya yake, isiyomzuia kwenda shule, wala kupunguza uwezo wake wa kunufaika na masomo. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa. Sidhani kuna mwalimu atakayemshitaki mama kwa sababu binti alikata matembele. Lakini kumwachia mtoto wa miaka kumi na moja biashara peke yake, kisha kumweka hapo mpaka saa tatu usiku, ni mbali na kumtuma akasaidie. Mama akilijua hilo, saa moja ya kurudi ndani haitakuwa fadhila anayompa binti.

Mwalimu pia ana mipaka yake. Kanuni za adhabu ya viboko katika shule za Tanzania zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua, kuchapa viboko visivyozidi vinne, na adhabu hiyo iandikwe kitabuni. Mwalimu wa hisabati kushika fimbo pale pale darasani kwa sababu ya daftari tupu hakumo katika kanuni hizo. Mzazi aliyekwisha kueleza saa za genge ana haki ya kuuliza, kwa adabu, kwa nini mtoto amechapwa kwa kazi aliyopewa na mama yake.

Mpango ukianza, mama alitazame daftari mwenyewe kwa wiki tatu au nne, hata kama hajui sehemu wala desimali. Ukurasa mtupu kabisa siku ya Jumanne unaonyesha kwamba muda bado unaliwa na genge, na hapo wa kurekebishwa ni yeye na jirani yake wa samaki. Lakini pengine atakuta maswali matatu yamefanywa, la nne limefutwa mpaka karatasi imetoboka, na yaliyobaki hayakuguswa, tena siku ya Ijumaa ambayo binti hakukanyaga gengeni. Hapo genge halihusiki tena. Binti hajaelewa somo, na mama arudi kwa mwalimu kumwambia hivyo, akiwa na daftari lenyewe mkononi.