Bahati au Dawa? Jaribio la z la Makundi Mawili

Jaribio la z la uwiano wa makundi mawili hujibu swali moja: kundi moja likifaulu kwa asilimia kubwa kuliko jingine, je, pengo hilo linaweza kuwa limeletwa na bahati peke yake? Hutumika pale ambapo kila aliyehesabiwa ana matokeo mawili tu: amepona au amekufa, mbegu imeota au haikuota. Hesabu nzima inahitaji namba nne, yaani ukubwa wa kila kundi na idadi ya waliofaulu katika kila kundi.

Namba hizo nne zinapatikana katika utafiti uitwao AQUAMAT, uliofanyika kati ya mwaka 2005 na 2010 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Watoto waliolazwa kwa malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu. Watoto 2,712 walitibiwa kwa artesuneti, na 2,713 kwa kwinini, dawa iliyokuwa imezoeleka hospitalini kwa miaka mingi. Katika kundi la artesuneti walinusurika 2,482, sawa na asilimia 91.5. Katika kundi la kwinini walinusurika 2,416, sawa na asilimia 89.1. Pengo ni kama pointi mbili na nusu za asilimia.

Je, pengo dogo namna hiyo ni la kuaminiwa? Chukulia gunia moja la maharage, mengi mekundu na machache meupe, yaliyochanganywa vizuri. Mtu akichota mabakuli mawili kutoka gunia hilo hilo, asilimia ya maharage mekundu haitalingana kabisa katika mabakuli hayo, ingawa asili yake ni moja. Vivyo hivyo, hata kama dawa mbili zingekuwa na nguvu sawasawa, makundi mawili ya watoto yasingekuwa na idadi ileile ya vifo. Kwa hiyo swali si kama pengo lipo, kwa maana pengo lipo karibu kila mara. Swali ni kama pengo lililoonekana ni kubwa kuliko lile ambalo uchotaji wenyewe huleta.

Kipimo cha pengo linaloletwa na uchotaji ndicho kinachoitwa kosa sanifu. Neno kosa hapa halina maana kwamba kuna mtu aliyekosea. Ni ukubwa wa kawaida wa kuyumba kwa matokeo. Jaribio la z hugawanya pengo lililoonekana kwa kosa sanifu:

```
p  = (x1 + x2) / (n1 + n2)
SE = sqrt( p(1 - p)(1/n1 + 1/n2) )
z  = (p1 - p2) / SE
```

Hapa x1 na x2 ni idadi ya waliofaulu, n1 na n2 ni ukubwa wa makundi, p1 na p2 ni viwango vya mafanikio vya kila kundi, na SE ni kosa sanifu. Herufi p isiyo na namba ni kiwango cha pamoja, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: ikiwa lengo ni kulinganisha makundi mawili, kwa nini yaunganishwe?

Sababu iko katika namna jaribio linavyofikiri. Jaribio huanza kwa kukubali, kwa muda tu, kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya dawa hizo mbili, kisha huuliza kama data zinaivumilia dhana hiyo. Chini ya dhana hiyo, mabakuli yote mawili yametoka katika gunia moja. Basi anayetaka kukadiria kiwango cha maharage mekundu katika gunia hana sababu ya kutegemea bakuli moja na kuliacha la pili. Atamimina yote pamoja na kuhesabu. Kwa watoto wa AQUAMAT, jumla ya walionusurika ni 4,898 kati ya 5,425, yaani p ni 0.9029. Wanaojumlishwa ni watoto, si asilimia. Anayechukua wastani wa asilimia mbili hukosea pale makundi yanapopishana kwa ukubwa, kwa sababu humpa mtu wa kundi dogo uzito mkubwa kuliko mtu wa kundi kubwa.

Sehemu zilizobaki za kosa sanifu zina mantiki nyepesi. Zao la p na (1 - p) hueleza jinsi matokeo yanavyochanganyika: ikiwa karibu wote wanapona, au karibu wote wanakufa, hakuna nafasi kubwa ya kuyumba, na zao huwa dogo, wakigawanyika nusu kwa nusu, huwa kubwa kuliko yote. Kugawa kwa ukubwa wa kundi kunaonyesha kwamba kundi kubwa huyumba kidogo. Alama ya kujumlisha kati ya sehemu mbili inashangaza kidogo, kwa kuwa viwango vinatolewa. Lakini bakuli la kwanza linayumba kivyake na la pili kivyake, na kuyumba kwa kila moja huongeza shaka juu ya pengo lao.

Kwa namba za AQUAMAT, kosa sanifu la pamoja ni 0.00804. Pengo lenyewe, bila kukadiria kwa ukaribu, ni 0.02466. Likigawanywa, z ni 3.07: pengo ni kubwa mara tatu kuliko kuyumba kwa kawaida. Kama dawa zingekuwa sawa, pengo la ukubwa huo au zaidi, kuelekea upande wowote, lingetokea karibu mara 22 katika kila tafiti 10,000, yaani thamani ya p ni 0.0022. Desturi ni kuikataa dhana ya usawa z ikizidi 1.96 kwa upande wowote, na hapa imepita mbali.

Wingi wa watoto ndio ulioamua. Kama kila kundi lingekuwa na watoto 271 tu, na vifo vingekuwa 23 dhidi ya 30, asilimia zingebaki karibu zilezile, lakini z ingekuwa 1.01, na hakuna mtu angeweza kusema lolote la uhakika.

Jaribio lina mipaka yake. Kila kundi linapaswa kuwa na waliofaulu na walioshindwa wasiopungua 10 hivi. Wakiwa wachache, jaribio halisi la Fisher hufaa zaidi. Matokeo ya mtu mmoja hayapaswi kutegemea ya mwingine: watoto wa nyumba moja au wodi moja wakifanana, kosa sanifu hutoka dogo kuliko ukweli. Wachambuzi wa AQUAMAT walizingatia pia tofauti za vituo. Tena jaribio haliwezi kutambua upendeleo. Iwapo wagonjwa mahututi wangepewa dawa moja zaidi ya nyingine, z ingekuwa kubwa bila dawa kuhusika. Kinga dhidi ya hilo ni kugawanya kwa bahati nasibu.

Kosa la pamoja lina mahali pake pia. Baada ya dhana ya usawa kukataliwa, anayetaka kujua pengo lina ukubwa gani hawezi kuendelea kutumia gunia moja. Hukokotoa kosa la kila kundi kwa kiwango chake, p1(1 - p1)/n1 na p2(1 - p2)/n2, huyajumlisha na kuchukua kipeuo cha pili. Hapa hupatikana 0.00803, na pengo linakadiriwa kuwa kati ya pointi 0.9 na 4.0 za asilimia. Kwa kadirio la kati, kila watoto 41 wanaotibiwa kwa artesuneti badala ya kwinini, mmoja zaidi hunusurika. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kuwa dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali.