Picha Kwanza, Maneno Baadaye

Mzee wetu wa mtaa alikuwa fundi baiskeli, na kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Alipofariki, watoto wake waliniomba niwaandalie video ya dakika 6 ya kuonyeshwa jioni ya arobaini, baada ya hitima na chakula. Walikuja na maneno tayari: wasifu wa kurasa tatu, tangu kuzaliwa hadi kuugua. Niliwaomba wauweke kando kwanza, waniletee picha.

Wasifu huandikwa kwa ajili ya watu wasio na cha kutazama. Ukiusomea juu ya picha, utajikuta ukisema "hapa marehemu anatengeneza baiskeli" ilhali kila mtu anamwona na spana mkononi. Katika mswada wa video, picha ieleze kinachoonekana, nayo sauti ilete kile ambacho picha haiwezi kukisema. Ndiyo maana mimi huugawa ukurasa safu mbili, kushoto picha, kulia maneno, na safu ya kushoto naijaza yote kabla sijaandika neno upande wa kulia.

Zililetwa picha zaidi ya 60, tukabakiza 20. Nyingine zilikuwa zimeshikana na plastiki ya albamu. Hizo hazibanduliwi kwa nguvu, maana rangi hubaki kwenye plastiki. Tulizipiga humohumo kwa simu, kando ya dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha ili pembe zisipinde.

Kisha tulizikagua tarehe. Familia ilikuwa na hakika kwamba picha moja ya mkutano ni ya mwaka 1974. Lakini nyuma ya mzee ilionekana bendera yenye jembe na nyundo, bendera ya CCM, na chama hicho kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Mwaka 1974 ingekuwa bendera ya TANU. Tukaandika "miaka ya mwisho ya sabini" na hakuna aliyepinga. Mwaka wa kuzaliwa nao ulitofautiana kati ya kitambulisho na kumbukumbu za dada yake, kwa hiyo hatukuutaja. Kosa la tarehe husahihishwa kwa sauti na wazee waliokaa mbele, na hapo utulivu umekwisha.

Dakika 6 tulizigawa hivi: sekunde 20 za ufunguzi, dakika 3 za picha na msimulizi, sekunde 100 za kumbukumbu za watu wanne, na dakika moja ya dua. Kwa kusoma polepole, msimulizi hutamka maneno kama 100 kwa dakika. Hata hivyo, katika zile dakika 3 nilimpa maneno 150 tu, ili nusu ya muda watu watazame kimya. Mstari mmoja wa mswada ulikuwa hivi. Kushoto: picha ya mzee amechuchumaa kando ya gurudumu, tunaanzia mikononi, tunapanda taratibu hadi usoni, sekunde 10. Kulia: "Mtoto wa shule aliyepata pancha hakulipa. Aliambiwa akasome."

Maneno hayo yalitoka kwa jirani, nayo hayakupatikana kirahisi. Ukimuuliza mtu marehemu alikuwa wa namna gani, atajibu kwamba alikuwa mtu wa watu, mpole, mcha Mungu. Ni kweli, lakini unaweza kuyasema hayo juu ya marehemu yeyote. Nikabadili swali: "Bibi, nikumbushe siku moja tu uliyokuwa naye." Akakaa kimya, kisha akasimulia usiku ambao mzee alimbeba mwanawe mgonjwa kwa baiskeli hadi zahanati, taa haina, yeye akimulika kwa tochi nyuma. Alizungumza dakika 4, nasi tukatumia sekunde 25. Kile kimya cha mwanzo tulikiacha, kwa sababu uso wake ulikuwa tayari unamkumbuka.

Dua tulimwachia imamu wa mtaa airekodi mwenyewe. Muziki haukuwekwa kabisa, na tangu mwanzo tuliwauliza ndugu kama wote wanaridhia picha kuonyeshwa, maana zipo familia zisizopenda. Kwenye skrini ilibaki picha moja tu: benchi la kazi na baiskeli iliyoegeshwa. Dua ilikuwa fupi: "Ewe Mola, mrehemu mja wako, msamehe makosa yake, lipanue kaburi lake, na uwape subira aliowaacha." Baada yake tuliwaachia watu nafasi ya kusoma Fatiha. Majirani Wakristo walisimama kimya pamoja nasi.

Katika nakala ya kwanza nilikata picha mara tu baada ya "Amina." Tulipoijaribu nyumbani, dada wa marehemu alikuwa bado ameinua viganja. Nikaongeza sekunde 15.