Hiyo Ni T480 Kweli?

Tangazo linasema ni Lenovo ThinkPad T480, i5 ya kizazi cha nane. Picha zipo mbili: moja ya ubavu wa kushoto, nyingine ya kibodi. Kabla hujatuma pesa, zikuze picha hizo, maana T470 ya mwaka 2017 na T480 ya 2018 ukiziweka kando kando ni kama pacha. Tofauti yake mfukoni ni kubwa. T470 ilitoka na prosesa za kizazi cha sita na cha saba, ambazo Microsoft haizitambui rasmi kwa Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025.

Anza na tundu la chaji. T480 huchajiwa kwa USB-C, na ubavuni kushoto utayaona matundu mawili madogo ya mviringo mrefu yamekaa jirani. T470 ina USB-C moja tu, na chaji yake huingia kwenye tundu la mstatili lenye pini katikati. Ukiona mstatili huo, si T480, hata stika iseme nini. Matundu haya yameunganishwa na ubao mkuu wa mashine, kwa hiyo fundi hayabadilishi kirahisi kama stika.

Kibodi ni shahidi dhaifu zaidi. Inakusaidia kwa mashine za zamani: T420 ya 2011 ina safu saba za vitufe, T430 ya mwaka uliofuata ina sita, na T440 ya 2013 haina vitufe vya kubonyeza juu ya padi ya kugusa. Lakini mafundi huhamisha kibodi ya T420 kwenda T430, na padi yenye vitufe kwenda kwenye ndugu za T440. Kutoka T450 kuendelea, kibodi peke yake haitoshi kukupa mwaka. Itumie kwa jambo moja: hakikisha Q iko kushoto. Ikiwa kulia, picha imegeuzwa kama kwenye kioo, na "ubavu wa kushoto" unaoutazama ni wa kulia.

Sasa omba picha ya nyuma, bawaba zote mbili zionekane. Kwenye T480 kuna betri ya kuchomoa katikati ya bawaba, na mstari wa kiungio chake huonekana. T490 ya 2019 nayo ina USB-C mbili kushoto, ila betri yake imefichwa ndani, hivyo nyuma hakuna mstari huo.

Hata ukishathibitisha ni T480, bado picha ya nje haikuonyeshi prosesa, na zipo T480 zilizouzwa na kizazi cha saba. Mwombe muuzaji awashe mashine, aandike `msinfo32` kwenye sehemu ya kutafuta, kisha apige picha ya mstari wa Processor. i5-8250U ni kizazi cha nane, yenye kiini nne. I5-7300U ni cha saba, yenye viwili.